Taa za Trafiki kwa Flip-flopu Mbili: Kutoka Jedwali la Hali Hadi Bredibodi

Haya wenzangu, hii ni ya wale wanaosoma elektroniki hapa Mombasa na kila muhula wanapewa ile projekti moja, taa za trafiki, halafu wengi wanaitoa kwa Arduino na laini kumi za kodi wanaenda zao. Si vibaya, lakini ukiulizwa mashine yenyewe yaamuaje utakwama. Hapa twaijenga kwa chipu za 74HC, flip-flopu mbili za kushika hali na mageti ya kuamua, na tutakaa sana pale kwenye jedwali manake ukilikosea jedwali hata ukiwa na waya za dhahabu haitafanya kazi.

Makutano yetu ni haya. Chukua Links Road kule Nyali, barabara kubwa, gari haziishi. Halafu kuna barabara ndogo ya mtaani yaingia pale, ina gari moja moja, tuktuk, na mtu wa bodaboda. Twataka kijani ikae barabara kubwa muda wote mpaka kuwe na mtu anangoja kule ndogo. Akitokea, na kubwa ishapata muda wake wa kutosha, tunampa. Akishapita turudishe kubwa. Basi, hiyo ndio kazi yote.

Kwanza andika hali kwa maneno kabla hujashika sufuri na moja

Hali ziko nne:

Hali A, kubwa kijani, ndogo nyekundu. Hali B, kubwa njano, ndogo nyekundu. Hali C... hapana tusiite C manake C tutaitumia kwa sensa ya gari, tuziite S0, S1, S2 na S3 kama watu wengine. Kwa hivyo S0 kubwa kijani, S1 kubwa njano, S2 ndogo kijani, S3 ndogo njano. Kila moja ikiwaka kijani au njano ule upande mwingine uko nyekundu.

Sasa jiulize kwa kila hali, ni nini kinanitoa hapa? S0 yatoka kukiwa na gari barabara ndogo NA muda mrefu ushaisha. Zote mbili. S1 yatoka muda mfupi wa njano ukiisha, haijali gari ipo ama haipo, ukishawasha njano huwezi kurudi nyuma. S2 yatoka muda mrefu ukiisha AMA gari zikiwa hazipo tena. S3 yatoka muda mfupi ukiisha, yarudi S0. Kwa hivyo ingizo ni tatu tu: C ni gari ipo barabara ndogo, TL ni muda mrefu umeisha, TS ni muda mfupi umeisha.

Angalia kwamba taa zinategemea hali peke yake, hazitegemei C wala saa moja kwa moja. Hiyo ndio huitwa mashine ya Moore, na kwa taa za barabarani ndio unayoitaka, hutaki sensa ikipiga kelele kidogo taa nayo imeguswa.

Kupa hali namba

Hali nne zataka biti mbili, yaani flip-flopu mbili, Q1 na Q0. Wengi hupa 00, 01, 10, 11 kwa mpangilio wa kuhesabu. Mie nakwambia fanya 00, 01, 11, 10, msimbo wa Gray, kila ukihama hali biti moja tu inabadilika. Utasikia watu wakisema ni kwa sababu taa zitapiga flashi wakati biti mbili zinabadilika pamoja. Flashi ya nanosekunde chache kwenye lédi hakuna jicho la binadamu litaiona, kwa hivyo hiyo si sababu kubwa hapa. Sababu ya kweli ni mbili, milinganyo inakuwa mifupi, na tutapata njia rahisi sana ya kujua hali imebadilika ili turudishe saa kwa sufuri. Utaiona mbele.

Jedwali lenyewe hili hapa, nyota maana yake iwe sufuri iwe moja sijali:

```
Sasa     Q1 Q0 | C TL TS | D1 D0   Inayofuata
S0       0  0  | 0 *  *  | 0  0    S0
S0       0  0  | * 0  *  | 0  0    S0
S0       0  0  | 1 1  *  | 0  1    S1
S1       0  1  | * *  0  | 0  1    S1
S1       0  1  | * *  1  | 1  1    S2
S2       1  1  | 1 0  *  | 1  1    S2
S2       1  1  | 0 *  *  | 1  0    S3
S2       1  1  | * 1  *  | 1  0    S3
S3       1  0  | * *  0  | 1  0    S3
S3       1  0  | * *  1  | 0  0    S0
```

Kabla hujaenda mbele likague hivi: kwa kila hali, je kila mchanganyiko wa ingizo una mahali pa kwenda, na je hakuna mchanganyiko una mahali pawili? S0 ina mistari miwili ya kubaki na C=0, TL=0 inaangukia zote mbili, lakini zote zasema baki kwa hivyo hakuna ugomvi. Makosa mengi ya projekti yako hapa. Mtu anaandika S2 yatoka C ikiwa 0, anasahau kuandika TL, halafu gari ikiharibika juu ya sensa barabara ndogo yabaki kijani mpaka kesho.

Twatumia flip-flopu za D manake chochote unachotaka kiwe kesho ndicho unachokiweka kwa D leo, kwa hivyo safu ya hali inayofuata ndio D yenyewe. Ukitaka JK ongeza jedwali lingine la kusisimua, utaokoa geti moja mbili, lakini kwa saketi ndogo kama hii sioni faida.

Kutoa milinganyo

D1 ni moja lini? S1 kama TS ipo, S2 kila wakati, S3 kama TS bado. Ukiiandika yote ndefu ndefu halafu uikate kwa ramani ya Karnaugh unabaki na hii:

```
D1 = Q0·TS + Q1·TS'
```

Ipige kwa kichwa uone. S0 zote sufuri, yatoka 0. S1, Q0 ni moja, kwa hivyo D1 inafuata TS. S2 zote moja, kwa hivyo TS iwe vyovyote yatoka 1. S3, Q1 ni moja peke yake, kwa hivyo D1 ni kinyume cha TS. Sawa kabisa na jedwali, na C haimo ndani kabisa, jambo ambalo litatusaidia baadaye.

D0 ni ndefu kidogo. S0 kama C na TL zote zipo, S1 kila wakati, S2 kama tunabaki yaani C ipo na TL bado, S3 kamwe.

```
D0 = Q1'·Q0 + Q1'·C·TL + Q0·C·TL'
```

Kuna mtu ataniuliza mbona kipande cha tatu hakina Q1, na S2 ni 11. Kwa sababu kikiwaka pia kwenye S1 haidhuru, S1 yataka D0 iwe moja vilevile, kwa hivyo Q1 tumeitupa tukaokoa geti.

Taa ndio rahisi kuliko zote:

```
Kubwa nyekundu = Q1        Ndogo nyekundu = Q1'
Kubwa kijani   = Q1'·Q0'   Ndogo kijani   = Q1·Q0
Kubwa njano    = Q1'·Q0    Ndogo njano    = Q1·Q0'
```

Nyekundu mbili hazihitaji geti hata moja, zatoka kwa miguu ya Q na Q' ya flip-flopu moja kwa moja. Halafu tazama kijani: moja yataka Q1, nyingine yataka Q1'. Haziwezi kuwaka pamoja hata flip-flopu zikiingia hali gani, labda geti liungue ama waya uchomoke. Na ile Q1'·Q0 ya njano ndio ile ile kipande cha kwanza cha D0, kwa hivyo geti moja lafanya kazi mbili.

Saa, na hapa ndipo wengi wanapolia

Klok ni hetzi moja, piga moja kwa sekunde. TLC555, resista ya 10k juu, 68k chini, kapasita ya 10 mikrofaradi, utapata karibu sekunde moja. Nimesema TLC555 na si NE555 ya kawaida kwa makusudi. Ile ya kawaida kwa volti 5 ikitoa moja haifiki juu, yabaki volti tatu na kitu, na 74HC kwa volti 5 inataka kama 3.5 ndio iamini hii ni moja. Siku nyingine itafanya siku nyingine haifanyi, na utazunguka ukitafuta kosa kwenye milinganyo wakati kosa ni volti.

Za kuhesabu sekunde twatumia 74HC163, kaunta ya biti nne, 0 hadi 15. Ikifika 15 mguu wa RCO unawaka, huo ndio TL wetu. Kwa TS chukua mguu wa QB, yaani biti ya pili, inawaka mara ya kwanza hesabu ikifika 2. Njano ikianza kaunta iko 0, ikipigwa 1, ikipigwa 2 hapo QB yawaka, pigo linalofuata tunahama. Sekunde tatu za njano bila geti lolote. Ndiyo QB huzima tena kwa 4, lakini kwenye hali za njano hatufiki huko na kwenye kijani TS hatuitazami.

Shida ya kwanza: kaunta ikifika 15 yarudi 0 yenyewe. Kwa S0 hii ni mbaya, manake barabara kubwa yaweza kukaa kijani dakika tano, TL inawaka sekunde moja kisha inazima sekunde kumi na tano, na mwenye tuktuk akifika wakati TL imezima atangoja duru nyingine wakati hakuna sababu. Twataka ikifika 15 isimame hapo. Chukua RCO, igeuze na geti la NOT, ipeleke kwa ENP. Ikifika 15 ENP yawa sufuri, kaunta yasimama, TL yabaki imewaka. Uangalie sana ni ENP, usiweke ENT. ENT yaingia ndani ya RCO yenyewe, ukiiweka huko RCO ikiwaka yajizima, ikijizima yajiwasha, na utakuwa umejenga kitu cha kutetemeka, si kaunta. ENT ifunge kwa volti 5, LOAD nayo volti 5.

Shida ya pili ni kurudisha kaunta 0 kila hali inapobadilika. Hapa ndipo Gray inalipa. Hali inabadilika kama D1 si sawa na Q1 ama D0 si sawa na Q0, na kwa kuwa tumepanga biti moja tu ibadilike kwa wakati, hizo mbili haziwezi kutokea pamoja. Kwa hivyo XOR zatosha:

```
ST  = (D1 ^ Q1) ^ (D0 ^ Q0)
CLR = ST ^ 1
```

Geti tatu za XOR, ya nne funga mguu mmoja kwa volti 5 iwe kigeuzi kwa sababu CLR ya kaunta inafanya kazi ikiwa chini. Chipu moja ya 74HC86 imekwisha yote, hakuna geti limebaki. Na 163 ina CLR ya kungoja klok, haifuti papo hapo, yafuta kwa pigo lilelile flip-flopu zinapohama. Ukinunua 74HC161 kwa sababu wenye duka wamekwambia ni kitu kimoja, hapana, hiyo hufuta papo hapo. Hapo ST inatoka, kaunta inafutika kabla hali haijahama, TL na TS zinazima, D zinarudi zilipokuwa, na mashine haihami milele. Dalili yake ni hiyo, kijani ya barabara kubwa haitoki hata ufinye batani mpaka kidole kichubuke.

Batani ya gari na ile njano ya sekunde moja

Barabarani sensa ni koili ya waya iliyozikwa chini ya lami, gari ya chuma ikisimama juu mzunguko unaigundua. Pikipiki nyepesi hukosa kuonekana hapo, kwa hivyo mwenye bodaboda akilaumu taa yawezekana ana haki. Kwa bredibodi weka batani kwa volti 5 na resista ya 10k kwenda chini.

Swali, je waya wa batani uende moja kwa moja kwa C? Ukifanya hivyo itafanya kazi. Utaonyesha mwalimu, atafurahi, halafu mara moja katika mara nyingi njano itakaa sekunde moja badala ya tatu na huwezi kuirudia ukitaka. Sababu ni hii. C haijui klok, gari yaja wakati wake. Tuseme tuko S0, kaunta imesimama 15, na C inawaka sawasawa na pigo la klok. C inaenda sehemu mbili kupitia njia tofauti: kupitia D0 kwenda flip-flopu, na kupitia D0 tena kisha XOR tatu kwenda CLR ya kaunta. Njia ya pili ni ndefu. Flip-flopu yaiona moja na kuhama S1, kaunta haijaiona, haifutiki. Sasa tuko kwenye njano na kaunta ingali 15, na 15 ina QB ndani yake, kwa hivyo TS tayari imewaka. Pigo linalofuata, njano kwisha. Kwa barabara halisi hiyo ni gari ya sitini kwa saa inakutana na nyekundu bila onyo.

Dawa ni flip-flopu mbili nyingine za D kwa mstari kabla ya C. Batani inaingia ya kwanza, ya kwanza inaingia ya pili, ya pili ndiyo C, zote kwa klok ile ile. Kwa nini mbili na si moja? Kwa sababu ile ya kwanza ikibadilishiwa D sawasawa na klok yaweza kukwama katikati kidogo, si sufuri si moja, na unaipa pigo zima la klok kutulia kabla wa pili hajaisoma. Chipu moja ya 74HC74 ina flip-flopu mbili, kwa hivyo chipu mbili, moja ya hali moja ya sensa. Bei yake ni kuchelewa pigo moja hadi mawili, na batani ifinywe zaidi ya sekunde manake ikifinywa na kuachiliwa katikati ya pigo mbili haitaonekana. Gari kwenye koili hukaa, kwa hivyo sawa. Na mtetemo wa batani hauna maana tena, klok ya sekunde moja haiuoni.

Fuatilia kwa kidole

Chukua karatasi. S0, kaunta imesimama 15, mtu anafinya batani na kushika. Pigo la 1, flip-flopu ya kwanza ya sensa inawaka. Pigo la 2, C inawaka, papo hapo D0 inakuwa 1 na CLR inashuka. Pigo la 3, hali ni 01, kaunta ni 0, njano ya kubwa. Pigo la 4 kaunta 1. Pigo la 5 kaunta 2, QB inawaka, D1 inakuwa 1. Pigo la 6 hali ni 11, kaunta 0, ndogo imepata kijani. Toka la 3 hadi la 6 ni sekunde tatu. Akiendelea kushika batani, kaunta inafika 15 kwa pigo la 21, na pigo la 22 hali ni 10, kwa hivyo ndogo imepata sekunde 16. Njano hadi pigo la 25, kisha 00 na mzunguko umefunga, na sasa hata akiwa bado ameshika itabidi kubwa ipate 16 zake kwanza.

Sasa mwambie aachilie mapema, na utaona udhaifu wa jedwali letu. Akiachilia sekunde moja tu baada ya kijani kuwaka, C inazima na ndogo inaingia njano hapo hapo. Kwa barabarani nafasi kati ya gari mbili tu yatosha kuzima C, yaani gari ya pili inanyimwa. Unataka kijani ya chini kabisa. Kwenye kipande cha tatu cha D0 badilisha C iwe N:

```
N  = C + QC'
D0 = Q1'·Q0 + Q1'·C·TL + Q0·N·TL'
```

QC ni biti ya tatu ya kaunta, yawaka hesabu ikifika 4, kwa hivyo kabla ya hapo N ni moja na hatutoki, ndogo ina uhakika wa sekunde tano. QC huzima tena kati ya 8 na 11, gari ikiondoka hapo mashine itangoja mpaka 12 ndio itoke. Sekunde chache tu zimepotea, mie naikubali kuliko kuongeza geti. Kipande cha kati usikiguse, pale C ni C.

Kuunga

Hesabu ya chipu: 74HC74 mbili, 74HC08 tatu (AND kumi zatumika kati ya kumi na mbili), 74HC32 moja yenye OR zote nne, 74HC86, 74HC163, TLC555, na vigeuzi vya NOT. Kwa vigeuzi chukua 74HC14 badala ya 04, utaelewa sasa hivi. Vinatumika vitano: TS', TL' ambayo ndiyo ile ya ENP pia, QC', na viwili vya riseti.

Riseti ni hii: ukiwasha umeme flip-flopu zinaamka na chochote. Hali zetu nne zote ni halali kwa hivyo haitapotea, lakini hutaki kuamkia katikati ya njano. Resista ya 100k kutoka volti 5, kapasita ya 10 mikrofaradi kwenda chini, katikati yake ingia kigeuzi cha kwanza, kisha cha pili, kisha CLR za 74HC74. Kapasita inapanda polepole kama sekunde moja, na 74HC14 ndiyo inayogeuza mteremko huo wa polepole uwe ukingo mkali. Ukitia 04 hapo katikati ya mteremko itatetemeka. PRE zote funga volti 5.

Lédi kila moja na resista ya 1k, ni kama miliampea tatu, geti za HC zinabeba bila shida. Kapasita ya nanofaradi 100 kwa kila chipu karibu na mguu wa umeme. Na ingizo za mageti usiyotumia zifunge kwa chini, usiziache hewani. Ukipitisha mkono juu ya bredibodi bila kugusa na taa zikabadilika, kuna mguu uko hewani. Huku kwetu ongeza na chumvi ya bahari, jampa za bei rahisi zikikaa dirishani zinaota kutu miguuni, kwa hivyo taa ikicheza ukiisukuma waya badilisha waya kabla ya kulaumu milinganyo.

Unga kwa mpango. Kaunta na klok kwanza, CLR yake ifunge juu kwa muda, uone inahesabu na kusimama 15. Kisha flip-flopu za hali na taa, ukiweka D kwa mkono kwa waya, uone hali nne zatoa taa sahihi. Mwisho ndio mageti ya D. Ukiunga vyote siku moja na kisha haiwaki, hujui pa kuanzia.

Nyekundu pande zote

Mashine hii njano ikiisha upande wa pili unapata kijani papo hapo, na matatu aliyeingia mwishoni bado yuko katikati. Taa halisi huweka muda mfupi nyekundu pande zote. Kwetu hiyo yaleta hali sita, flip-flopu tatu, na mpangilio mzuri ni 000, 001, 011, 111, 110, 100, bado biti moja kwa moja kwa hivyo ile hila ya XOR yaendelea, ukiongeza Q2. 011 na 100 ndizo za nyekundu zote.

Lakini sasa misimbo ni minane na wewe umetumia sita. Zimebaki 010 na 101, na hapa usiweke nyota kwenye jedwali ukaachia ramani ijaze. Mpangilio huu ni wa kusukuma biti kushoto na kuingiza kinyume cha ya mwisho, na ukifuata hesabu hiyo 010 yaenda 101 na 101 yarudi 010, kelele ya umeme ikikutupa hapo huchomoki mpaka uzime. Andika mistari miwili kamili, bila kungoja saa wala gari: 010 iende 011, na 101 iende 100, zote ni nyekundu pande zote na zote ni biti moja. Kijani nazo usizisome kwa biti mbili, manake Q2'·Q0' inawaka kwa 000 na pia kwa 010. Tumia biti zote tatu, na nyekundu ya kila upande iwe ni kinyume cha kijani au njano ya upande huo.